Mstari wa Gameti: Kutunga na Kusahihisha Maswali ya Mtambuko

Muulize mwanafunzi wa kidato cha nne uwiano wa watoto wa wazazi wawili heterozigasi, atakujibu "tatu kwa moja" kabla hujamaliza swali. Muulize tatu ni za nini, moja ni ya nini, na hiyo moja imetoka wapi, na darasa litagawanyika. Wachache wataeleza. Wengi watarudia "tatu kwa moja", safari hii kwa sauti ya chini.

Shida ya mtungaji wa maswali ya urithi inaanzia hapo. Majibu ya mwisho ya mada hii hayafiki hata kumi: 3:1, 1:1, 1:2:1, 9:3:3:1, 1:1:1:1, na lile la watoto wote kufanana. Mwanafunzi aliyeyakariri akabahatisha vizuri anaweza kuandika jibu sahihi bila kujua gameti ni kitu gani. Swali linaloishia "taja uwiano wa watoto" na kulipa alama zote kwa uwiano huo limepima kumbukumbu, wala mtahini hana njia ya kumtenga aliyeelewa na aliyekariri.

Walimu wameliona hili zamani, ndiyo maana mtihani wa urithi hudai njia iandikwe hatua kwa hatua: fenotipu za wazazi, jenotipu zao, gameti, muungano wa gameti, jenotipu za watoto, kisha fenotipu za watoto na uwiano. Mpangilio huo ni mzuri, ila nao hukaririka. Nimesahihisha karatasi zenye vichwa vyote sita, vimepigiwa mstari kwa rula, na chini ya kila kichwa hakuna kinachofuatana na kilicho juu yake. Mwanafunzi amejenga ngazi, lakini yeye mwenyewe hakuipanda. Kwa hiyo anayetunga swali inambidi ajue ni hatua ipi kati ya hizo sita inayobeba biolojia yenyewe, ili aipe alama yake na ailinde.

Kwa maoni yangu ni mstari wa gameti. Mistari miwili ya juu mara nyingi hutolewa na swali lenyewe. Mistari ya chini ni hesabu ya kuunganisha herufi, na mtoto wa darasa la saba anaweza kufundishwa kuifanya kwa nusu saa. Lakini kati ya jenotipu ya mzazi na gameti zake kuna meiosisi: kromosomu za jozi moja zinatengana, na kila gameti inaondoka na aleli moja tu ya kila jozi. Gregor Mendel alilifikia wazo hilo kabla kazi ya kromosomu haijajulikana. Mwaka 1865, mjini Brno, alieleza kwamba mbegu 5,474 za mviringo na 1,850 zilizokunjamana, kutoka mimea ya njegere iliyojichavusha yenyewe, zinaeleweka tu ikiwa viini viwili vya sifa moja hutengana wakati wa kuundwa kwa chavua na kijiyai. Uwiano wa hesabu hizo ni 2.96 kwa 1. Uwiano ulikuwa ushahidi tu. Jambo lililogunduliwa lilikuwa ule utengano. Mtihani unaolipa uwiano na kuupita utengano umelipa ushahidi ukaacha ugunduzi.

Tuchukue swali moja tulijenge kuanzia chini. Kwa kawaida maswali haya huandikwa kwa Kiingereza, lugha ya kufundishia sayansi katika shule nyingi za sekondari za Tanzania na Kenya. Hapa naliweka kwa Kiswahili. Mfano nimeutoa zizini kwa sababu ya njegere wamechoka wanafunzi na walimu pia. Wako ng'ombe ambao hawaoti pembe kwa asili, Angus wakiwa mfano maarufu, na sifa hiyo hutawala ile ya kuota pembe. Fahali mmoja anaweza kuwa baba wa ndama wengi kwa muda mfupi, hasa mbegu zake zikisambazwa kwa uhimilishaji kutoka vituo kama kile cha Usa River, Arusha. Kwa hiyo namba za watoto zinaweza kuwa kubwa bila swali kuonekana la kubuni.

Rasimu ya kwanza inayomjia mtungaji huwa kama hii: "Fahali Pp alipandishwa na jike Pp. Onyesha uwiano wa ndama." Ina kasoro tatu ndani ya sentensi mbili. Imempa mwanafunzi jenotipu, ikamwondolea kazi ya kufikiri. Imechagua mtambuko ambao jibu lake lipo midomoni mwa kila mtu. Tena imetumia herufi P, ambayo kubwa na ndogo zina umbo moja. Mwanafunzi anayeandika haraka atatoa herufi nne zilizo karibu kulingana kimo, na msahihishaji atalazimika kukisia. C, K, O, P, S, V, W, X na Z zote zina ugonjwa huo. A, B, D, E, G, H, N, R na T hazina. Jambo hilo linaonekana dogo mpaka utakapokaa na rundo la karatasi usiku, ukibishana na mwenzako kama kile ni S kubwa au s ndogo.

Wapo wanaosema mwanafunzi aachwe achague herufi mwenyewe, kwani kuchagua nako ni sehemu ya maarifa. Wana hoja. Asiyeelewa kuwa aleli mbili ni namna mbili za jeni moja huandika T kwa urefu na F kwa ufupi, kisha anapata mzazi TF na haoni tatizo. Kosa hilo linafaa kuonekana, lakini mahali pake ni zoezi la darasani, ambako mwalimu anaweza kulirekebisha siku hiyohiyo. Katika mtihani wenye saa, ninatoa herufi, tena zilizo wazi.

Swali likishafanyiwa kazi linasomeka hivi:

Katika aina fulani ya ng'ombe, aleli ya kutoota pembe (N) hutawala aleli ya kuota pembe (n). Fahali mmoja asiyeota pembe alipandishwa na majike 20 wenye pembe, kila mmoja akazaa ndama mmoja. Ndama hao walipokua, 11 hawakuota pembe na 9 waliota.

(a) Andika jenotipu ya majike na jenotipu ya fahali. Toa sababu ya jibu lako kuhusu fahali. (alama 3)

(b) Chora mchoro wa kijenetiki wa mtambuko huo. Onyesha gameti za kila mzazi, jenotipu na fenotipu za ndama, na uwiano wa fenotipu unaotarajiwa. (alama 4)

(c) Kwa nini idadi ya ndama haikulingana kabisa na uwiano unaotarajiwa? (alama 1)

(d) Baadaye fahali huyo alipandishwa na jike asiyeota pembe, ambaye mama yake alikuwa na pembe. Ndama wao ana uwezekano gani wa kuota pembe? Onyesha jinsi ulivyofikia jibu. (alama 2)

Maneno "walipokua" na "hawakuota" hayakuwekwa kwa mapambo. Ndama yeyote huzaliwa bila pembe za kuonekana, nazo huchomoza baadaye. Swali likisema "walizaliwa ndama 9 wenye pembe", mwanafunzi aliyekulia kwenye ufugaji ataliona kosa kabla ya mtungaji, na pengine ataanza kutilia shaka mengine. Vilevile kusema "asiye na pembe" kungeweza kumaanisha ng'ombe aliyekatwa pembe, jambo ambalo aleli hazihusiki nalo. "Aina fulani" nayo ni tahadhari: baadhi ya ng'ombe wenye aleli mbili tofauti huota vipembe vidogo visivyoshikamana na fuvu, na jeni nyingine huingilia. Mtungaji hana lazima ya kuyaeleza yote hayo kwenye karatasi, ila asiandike sentensi inayodai kwamba hayapo.

Tazama sasa kipengele (a) kinataka nini. Majike wana pembe, sifa iliyo fiche, kwa hiyo ni nn bila mjadala. Fahali hana pembe, kwa hiyo ana N moja kwa uhakika. Ya pili haijulikani mpaka uwatazame watoto. Ndama hata mmoja mwenye pembe anatosha kumaliza shauri, maana ndama huyo ni nn, na n yake moja lazima imetoka kwa baba. Sababu inayotakiwa ni hiyo. Mwanafunzi anayeandika "fahali ni Nn kwa sababu uwiano ni karibu 1:1" hajakosea, nami ningempa alama, lakini amepita njia ndefu na dhaifu zaidi. Mwongozo wa kusahihishia unapaswa kuzitaja sababu zote mbili kuwa zinakubalika. Vinginevyo msahihishaji mmoja atakubali ya pili na mwenzake ataikataa.

Namba 11 na 9 zinahitaji maelezo, kwa kuwa hapa watungaji wengi huteleza. Kuna wanaoandika 10 na 10, au 75 na 25, wakidhani wanamrahisishia mwanafunzi. Wanachomfundisha ni kwamba uwiano ni ahadi. Ukichukua makundi mengi ya ndama 20 kutoka mtambuko wa Nn na nn, ni kama asilimia 18 tu ya makundi hayo yatakayokuwa na 10 kwa 10 kamili. Namba safi kabisa ndiyo hali ya nadra. Hata Mendel hakuepuka mjadala huu: mwaka 1936 mwanatakwimu Ronald Fisher alionyesha kuwa matokeo yake, yakijumlishwa, yanakaribia mno matarajio kuliko bahati inavyoruhusu.

Kosa la upande wa pili ni namba zinazochafuka kupita kiasi. Tuseme swali halielezi wazazi wana sura gani, na linatoa ndama 14 kwa 6. Je, ni 1:1 au 3:1? Matarajio ya kwanza ni 10 kwa 10, ya pili ni 15 kwa 5, na 14 kwa 6 haiko mbali vya kutosha na lolote kati ya hayo. Swali hilo lina majibu mawili, na kulifuta baada ya mtihani ni aibu. Kabla ya kuandika namba, pima: kwa watoto 20 wa mtambuko wa 1:1, chochote kati ya 6 na 14 ni cha kawaida, kwa watoto 100 wa mtambuko wa 3:1, tarajia kati ya 67 na 83 wenye sifa tawala. Chagua namba iliyo ndani ya mpaka wa uwiano unaoutaka na nje ya mpaka wa ule unaoshindana nao.

Kuna mtego mwingine unaofanana na huo. Mtungaji anaandika: "Ndama wanne walizaliwa na wote hawakuota pembe. Thibitisha kuwa fahali ni NN." Haithibitishiki. Fahali wa Nn akipandishwa na majike wa nn, nafasi ya ndama wanne mfululizo kukosa pembe ni moja kati ya kumi na sita, jambo la kawaida kabisa. Ndama 20 wote bila pembe ni habari nyingine, kwani nafasi hiyo haifiki hata moja katika milioni. Mwenye pembe mmoja anathibitisha papo hapo. Wasio na pembe wanakusogeza kwenye uhakika bila kukufikisha. Ukitaka mwanafunzi ahitimishe NN, mpe ndama wa kutosha na utumie maneno "inaelekea kuwa".

Turudi kwenye kipengele (b) na alama zake nne. Jenotipu za wazazi zimeshalipwa katika (a), hivyo hazilipwi tena hapa. Kulipa kitu kimoja mara mbili kunamnufaisha aliyepata na kumwadhibu maradufu aliyekosa. Alama ya kwanza ni ya gameti: N na n za fahali, n ya majike. Ya pili ni ya jenotipu za ndama, Nn na nn, zikionekana kutokana na muungano wa gameti hizo, iwe kwa mistari au kwa mraba wa Punnett. Ya tatu ni ya kuunganisha kila jenotipu na fenotipu yake. Ya nne ni ya uwiano wa 1:1 ukiwa umetajwa ni wa nini kwa nini.

Mwongozo hautoshi kwa kuandikwa tu. Upitishe kwenye karatasi zenye makosa. Nimebuni tatu zinazofanana na zile ninazokutana nazo kila mwaka.

Katika ya kwanza, mwanafunzi ameandika Nn × nn, na chini yake, ndani ya duara, gameti "Nn" na gameti "nn". Mstari unaofuata unasema Nn, Nn, nn, nn, halafu "wasioota pembe 1 : wenye pembe 1". Kila kilichoandikwa chini ni sahihi. Tatizo ni kwamba hakiwezi kutoka kwa kilicho juu yake: gameti ya Nn ikiungana na ya nn, inazaa kiumbe chenye aleli nne. Mwanafunzi ameingia mlango wa meiosisi akatoka na jozi ileile, kisha akaruka kwenye jibu analolijua. Msahihishaji anayehesabu vitu sahihi mmoja mmoja atampa 3 kati ya 4, alama karibu sawa na za aliyeelewa yote. Hilo silikubali. Alama ya jenotipu za ndama lazima itegemee gameti. Gameti zikiwa na aleli mbili, alama ya pili nayo inakwenda. Ya fenotipu anaipata, kwa kuwa kusoma Nn kama "haoti pembe" ni ujuzi unaosimama peke yake. Na uwiano? Hapa wasahihishaji hutofautiana. Mimi ningemnyima, kwa sababu uwiano usiotokana na mtambuko ulioandikwa ni kumbukumbu. Anabaki na 1. Ni ukali, nakiri, lakini swali lilisema "chora mchoro wa mtambuko".

Karatasi ya pili ina gameti sahihi, kila moja kwenye duara lake, na mraba uliochorwa vizuri wenye Nn mbili na nn mbili. Chini imeandikwa "1:1" basi. Hakuna neno pembe popote. Anapata 2. Amefanya jenetiki yote akaacha kumwambia msomaji ng'ombe wanafananaje. Wengine wanamwonea huruma na kusema uwiano upo. Lakini hebu fikiria mtambuko wa Nn na Nn: hapo uwiano wa jenotipu ni 1:2:1 na wa fenotipu ni 3:1, na "uwiano" peke yake hauna maana. Katika mtambuko wetu vyote viwili ni 1:1, kwa hiyo kutotaja jina kunafichika. Lawama hii mara nyingine ni ya mtungaji: swali lililosema "onyesha uwiano" bila kusema wa jenotipu au wa fenotipu halina haki ya kumkata mtu. Letu limesema.

Ya tatu ndiyo inayochosha. Katika (a) mwanafunzi ameandika fahali NN, hana sababu. Katika (b) gameti ni N kwa fahali na n kwa majike, ndama wote Nn, wote hawaoti pembe, uwiano 1:0. Kila mstari unatokana na uliotangulia. Alama ya fahali na ya sababu ameshazipoteza katika (a), akabaki na moja ya majike. Je, apotezewe na (b)? Kanuni ya kufuata kosa inasema hapana: anayefanya kazi sahihi juu ya namba aliyokosea alipwe kwa kazi hiyo. Ninaifuata mpaka alama ya tatu. Ya nne namnyima, kwa kuwa swali limemwambia kwa herufi nyeusi kuwa ndama 9 waliota pembe, naye ameishia na hitimisho kwamba hakuna. Mwanafunzi anayepata jibu linalopingana na taarifa aliyopewa, akalipita bila kushtuka, ameonyesha kuwa mchoro kwake ni umbo la kujaza. Anapata 3 kati ya 4 katika (b), na jumla yake bado iko chini ya aliyejua, kama inavyostahili.

Uamuzi wa aina hii ukiachwa usiku wa kusahihisha, kila msahihishaji ataamua lake. Uandikwe kwenye mwongozo kabla: alama ipi inategemea ipi, na kosa linafuatwa hadi wapi.

Na vipi kuhusu umbo lenyewe, yaani duara kuzunguka gameti, alama ya ×, vichwa vya mistari? Wako wasahihishaji wanaokata alama kwa gameti isiyo na duara. Duara lina kazi: linamlazimisha mwanafunzi aone kuwa N na n ni seli mbili tofauti, si jozi iliyoachana kidogo kwa bahati ya mwandiko. "N n" bila duara inaweza kusomwa kama jenotipu. Kwa hiyo natoa alama pale utengano unapoonekana wazi kwa namna yoyote: duara, mkato, mstari tofauti, au nafasi za pembeni mwa mraba wa Punnett, ambazo ni gameti kwa mahali zilipo. Kama shule au baraza limeamua duara ni lazima, basi swali liseme, na wanafunzi wawe wamefundishwa hivyo. Halikadhalika, majike wa nn wanaweza kuandikiwa gameti moja ya n au mbili. Mraba wa vyumba viwili ni sahihi sawa na wa vinne. Nimeona mwanafunzi akikatwa alama kwa kuchora vyumba viwili, eti "hakumaliza". Alikuwa ameelewa zaidi ya aliyemsahihisha.

Ukiingia kwenye sifa mbili kwa pamoja, hoja ya gameti inapata nguvu zaidi. Swali la kawaida ni mtambuko wa TtRr na TtRr wenye mraba wa vyumba kumi na sita. Mwanafunzi anatumia muda mwingi kunakili herufi 64, na kosa moja la kunakili linaharibu hesabu ya 9:3:3:1 ingawa anaelewa. Tena jibu analijua tangu asubuhi. Mawazo yote ya swali hilo yako katika kuandika kwamba TtRr hutoa gameti nne, TR, Tr, tR na tr, kwa kiasi sawa. Asiyeelewa huandika Tt na Rr, yaani amegawa herufi kwa jeni badala ya kuchukua aleli moja ya kila jeni. Kwa hiyo pandisha TtRr na ttrr. Mzazi wa pili hutoa gameti ya aina moja tu, mraba unakuwa na vyumba vinne, fenotipu ni nne kwa 1:1:1:1, na kila aina ya gameti ya mzazi wa kwanza inaonekana waziwazi katika mtoto. Ukihitaji 9:3:3:1, wape namba halisi za Mendel, njegere 315 za mviringo na njano, 108 za mviringo na kijani, 101 zilizokunjamana na njano, 32 zilizokunjamana na kijani, waulize wazazi walikuwa na jenotipu gani na uwiano huo umedhania nini kuhusu jeni hizo mbili. Anayejibu kuwa jeni zinagawanyika bila kutegemeana amesema jambo ambalo mraba wa vyumba kumi na sita hauwezi kulidai.

Maswali yanayohusu watu yana hatari zake, na ya kwanza ni mfano wenyewe kuwa wa uongo. Kukunja ulimi bado kunaonekana kwenye mazoezi kama sifa ya jeni moja. Alfred Sturtevant ndiye aliyependekeza hivyo mwaka 1940, lakini mwaka 1952 ilionyeshwa kuwa pacha wa kufanana wanaweza kutofautiana, mmoja akikunja na mwenzake asiweze, na Sturtevant mwenyewe akaliacha wazo hilo. Mwanafunzi anayekunja ulimi ilhali wazazi wake wote hawakunji anaweza kurudi nyumbani na swali baya kuhusu baba yake, kwa sababu ya mtihani.

Hatari ya pili ni kigawanyo. Mama mwenye aleli ya hemofilia, XᴴXʰ, na baba asiye na ugonjwa, XᴴY: uwezekano wa kupata mtoto mwenye hemofilia ni robo, lakini kati ya watoto wa kiume ni nusu. Majibu yote mawili ni sahihi kwa maswali mawili tofauti. Mtungaji anayeandika "watoto wa kiume wangapi watakuwa na ugonjwa?" hajauliza lolote kati ya hayo. Aandike "mtoto wa kiume wa wazazi hawa ana uwezekano gani wa kuwa na hemofilia", na mwongozo umnyime anayejibu robo, ukitaja sababu: amehesabu na mabinti. Kuhusu mpangilio, aleli iandikwe juu ya X na Y iachwe tupu. Anayeandika Yʰ ameipa kromosomu Y jeni isiyokuwa nayo, na alama ya gameti inapotea hapo.

Kigawanyo kinarudi katika (d) ya swali letu la ng'ombe, kwa anayetaka kuliongezea ugumu. Jike ni Nn kwa sababu mama yake alikuwa nn, kwa hiyo ndama ana robo ya uwezekano wa kuota pembe. Ukiongeza, "ndama amekua na hakuota pembe, ana uwezekano gani wa kuwa NN?", jibu si robo tena. Ndama wa nn ameshaondoka kwenye hesabu, wamebaki watatu, na mmoja wao ndiye NN: theluthi moja. Ni alama moja tu, lakini huwapata wote waliokariri mraba bila kujua vyumba vyake vinahesabu nini.

Na selimundu, mfano wa lazima katika nchi zetu. Wazazi wote wawili wana HbᴬHbˢ. Wanafunzi wengi huandika kwamba "kati ya watoto wanne, mmoja atakuwa na ugonjwa", na miongozo mingi huikubali sentensi hiyo. Ikataliwe. Kati ya familia zenye wazazi kama hao na watoto wanne, takriban asilimia 42 tu ndizo zitakazokuwa na mtoto mmoja hasa mwenye ugonjwa, na asilimia 32 hazitakuwa na hata mmoja. Darasani anaweza kuwamo mtoto ambaye kwao ni wawili waliougua kati ya watatu, na sentensi hiyo inamwambia kwamba kwao hesabu imekosewa. Swali liulize hivi: "Wazazi hawa tayari wana mtoto mmoja mwenye selimundu, na mama ana ujauzito mwingine. Mtoto huyu ana uwezekano gani wa kuwa na selimundu? Je, hali ya mtoto wa kwanza inabadilisha jibu lako? Eleza." Alama ya kwanza ni ya robo. Ya pili ni ya hapana, na hailipwi mpaka mwanafunzi aseme kwamba kila ujauzito una gameti zake.